Jani la Descartes na mstari unaoligusa

Mnamo Januari 1638 René Descartes, ambaye wakati huo aliishi Uholanzi, alimwandikia barua Marin Mersenne, mtawa wa Paris ambaye mikononi mwake zilipita barua nyingi za wanahisabati wa Ulaya. Ndani ya barua hiyo alieleza mstari mmoja uliopinda na kutaka Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, autafutie tanjenti. Lilikuwa jaribio kali. Mwaka mmoja kabla yake, 1637, Descartes alikuwa amechapisha kitabu chake cha jiometri chenye njia yake mwenyewe ya kutafuta tanjenti, na njia ya Fermat, iliyokuwa ikisambaa kwa barua, hakuiamini. Alidhani inafaa kwa mikunjo miepesi tu, na kwamba huu mpya utaikwamisha. Fermat alipata jibu bila taabu, na miezi michache baadaye Descartes alikubali kwamba njia ile ni nzuri.

Mkunjo wenyewe hadi leo unaitwa jani la Descartes. Mlinganyo wake una namba moja unayoweza kuichagua upendavyo ili jani liwe kubwa au dogo. Mimi nitachagua 6, kwa sababu inaleta nukta zenye namba nyepesi:

x³ + y³ = 6xy

Ukiuchora, katika robo ya juu kulia, ambako x na y zote ni chanya, utaona kitanzi chenye umbo la jani. Kinaanzia kwenye chimbuko, yaani nukta (0, 0), kinazunguka na kurudi palepale. Ncha ya jani iko kwenye nukta (3, 3). Hakikisha mwenyewe: 27 jumlisha 27 ni 54, na 6 mara 3 mara 3 ni 54. Kutoka kwenye chimbuko zinatoka pia mbawa mbili ndefu, moja ikipanda kuelekea kushoto na nyingine ikishuka kuelekea kulia.

Tanjenti ni mstari ulionyooka unaopita kwenye nukta moja ya mkunjo ukiwa na mwelekeo uleule alionao mkunjo mahali hapo. Ili kuuandika tunahitaji vitu viwili tu: nukta yenyewe, na mwinamo wa mkunjo kwenye nukta hiyo. Mwinamo unatuambia y inapanda au kushuka kiasi gani kwa kila hatua ndogo ya x. Wanaojifunza kalkulasi huanza na milinganyo ambayo y imekaa peke yake upande mmoja, kama y = x², na hapo kutofautisha ni kazi ya mstari mmoja: mwinamo ni 2x. Ndiyo maana wengi wakiuona mlinganyo wa jani, jambo la kwanza wanalotaka kufanya ni kuitenga y.

Jaribu, na utaona kwa nini Descartes aliuchagua. Weka x = 3. Mlinganyo unakuwa 27 + y³ = 18y, na y zinazoutosheleza ni tatu: 3, takriban 1.854, na takriban -4.854. Mstari wima unaopita x = 3 unalikata jani mara mbili na ubawa wa chini mara moja. Hakuna fomula moja ya y inayoweza kutoa majibu matatu kwa pamoja. Kutenga y kunawezekana, kwa njia ya karne ya 16 ya kutatua milinganyo ya kipeo cha tatu, lakini unapata vipande vitatu vyenye vipeo ndani ya vipeo, na kuvitofautisha ni adhabu ambayo hakuna anayeistahili.

Njia iliyo bora inaiacha y mahali ilipo. Y imefichwa ndani ya mlinganyo, nasi tunautofautisha mlinganyo mzima bila kuifichua. Ndiyo maana nitaiita njia ya utofautishaji fiche. Kabla ya kanuni zake, tazama kinachotokea kwenye ncha ya jani kwa hesabu ya kawaida tu, kwa namna iliyo karibu sana na fikra ya Fermat.

Simama kwenye (3, 3), kisha sogea kidogo mno ukiwa bado juu ya mkunjo. X imeongezeka kwa h, na y imebadilika kwa k, kwa hiyo sasa uko kwenye (3 + h, 3 + k). Kwa kuwa hukutoka kwenye mkunjo, mlinganyo bado ni kweli:

(3 + h)³ + (3 + k)³ = 6(3 + h)(3 + k)

Fungua mabano. Upande wa kushoto unapata 54 + 27h + 27k, pamoja na vipande vyenye h², k² na vipeo vya juu zaidi. Upande wa kulia unapata 54 + 18h + 18k + 6hk. Zile 54 zinaondoana, na huo ndio ushahidi kwamba tulianza juu ya mkunjo. Sasa, ikiwa h ni 0.001, basi h² ni 0.000001, vipande vya h², k² na hk ni vidogo kiasi kwamba tunaweza kuviweka kando kwa muda. Tusivitupe, tutavihitaji baadaye. Kinachobaki ni 27h + 27k = 18h + 18k, yaani 9h + 9k = 0, yaani k = -h. Ukienda kulia kidogo, unashuka kiasi kilekile. Mwinamo ni -1.

Hapo hatukuitenga y. Tulichofanya ni kuutaka mlinganyo uendelee kuwa kweli baada ya hatua, kama mizani ya dukani ambayo ukiongeza kitu upande mmoja lazima uongeze upande wa pili ili ibaki sawa. Sharti hilo peke yake linamlazimisha k kumfuata h kwa uwiano maalumu, na uwiano huo ndio mwinamo. Utofautishaji fiche ni hesabu hiyohiyo iliyofupishwa ili isifanywe upya kwa kila nukta.

Ufupisho ni huu. Tunaandika y′ kwa ajili ya mwinamo. Tunautofautisha kila upande kwa kufuata x, tukikumbuka kwamba y nayo inabadilika x inapobadilika. X³ inatoa 3x², kama kawaida. Y³ inatoa 3y² zidisha y′, kwa sababu badiliko la y³ linapitia kwanza badiliko la y. Upande wa kulia kuna x na y zilizozidishana, na zote mbili zinasogea, kwa hiyo kanuni ya zao inatoa vipande viwili: 6y, pale x inaposogea na y kusubiri, na 6xy′, pale y inaposogea na x kusubiri. Tunapata:

3x² + 3y²y′ = 6y + 6xy′

Tazama y′ ilivyokaa: haina kipeo, haiko chini ya alama ya kipeuo, imezidishwa tu na vitu vingine. Hata mkunjo wenyewe uwe mgumu kiasi gani, mlinganyo wa y′ daima ni mwepesi kama ule wa kidato cha kwanza. Gawanya kote kwa 3, kusanya vyenye y′ upande mmoja, na umemaliza:

y′ = (2y − x²) / (y² − 2x)

Kwenye (3, 3), kiasi ni 6 − 9 = -3 na asili ni 9 − 6 = 3. Mwinamo ni -1, kama tulivyoupata kwa mkono. Mstari unaopita (3, 3) wenye mwinamo -1 ni x + y = 6, na hiyo ndiyo tanjenti ya ncha ya jani.

Fomula hii ina x na y zote mbili ndani yake. Wapo wanaoona hilo kama jibu ambalo halijakamilika. Kwangu ndiyo nguvu yake. Zile nukta tatu zenye x = 3 haziwezi kutofautishwa kwa x peke yake; y ndiyo inayoiambia fomula uko tawi lipi. Weka (3, 1.854) na mwinamo unakuwa karibu 2.07. Weka (3, -4.854) na unakuwa karibu -1.07. Fomula moja imehudumia matawi matatu ambayo vinginevyo yangehitaji fomula tatu.

Nukta ya (3, 3) ni rahisi mno kwa sababu iko kwenye ulinganifu wa jani. Ukibadilishana x na y mlinganyo haubadiliki, kwa hiyo jani ni taswira yake lenyewe kwenye kioo cha mstari y = x, na tanjenti ya ncha haina budi kuukata mstari huo kwa pembe mraba. Mwinamo usingeweza kuwa kitu kingine isipokuwa -1. Hii ni njia nzuri ya kumkamata mkosaji. Kosa linalojitokeza zaidi ya yote katika hesabu hizi ni kuitofautisha 6xy kana kwamba ni kitu kimoja na kuandika 6y′ tu. Anayefanya hivyo anapata 27 + 27y′ = 6y′ pale kwenye ncha, na mwinamo wa -9/7. Ni namba halali machoni, lakini ulinganifu unaikataa papo hapo.

Basi tuchukue nukta isiyo na upendeleo: (4/3, 8/3), iliyoko upande wa juu wa jani. X³ ni 64/27 na y³ ni 512/27. Jumla yake ni 576/27, yaani 64/3. Upande wa pili, 6 mara 4/3 mara 8/3 ni 192/9, ambayo pia ni 64/3. Tuko juu ya mkunjo. Kiasi cha y′ ni 16/3 − 16/9 = 32/9. Asili ni 64/9 − 8/3 = 40/9. Mwinamo ni 32 gawanya kwa 40, yaani 4/5. Tanjenti inapita (4/3, 8/3) na kupanda 4 kwa kila 5 za kwenda kulia:

5y = 4x + 8

Kwa kioo kilekile cha y = x, nukta (8/3, 4/3) inapaswa kuwa na mwinamo uliopinduliwa, 5/4. Fomula inatoa -40/9 gawanya kwa -32/9, na kweli ni 5/4.

Kazi ya kuhakikisha nukta iko juu ya mkunjo inachosha, na wengi huiruka. Ni vyema kujua adhabu yake. Chukua (2, 3). Nane jumlisha 27 ni 35, lakini 6 mara 2 mara 3 ni 36. Nukta haiko kwenye jani, ingawa kwenye mchoro wa penseli ingeonekana kama iko. Fomula haijui hilo. Ukiiwekea (2, 3) itakujibu 2/5 bila kusita, nawe utachora mstari ambao hauligusi jani popote unapodhani. Fomula ya y′ ilizaliwa kutokana na sharti kwamba mlinganyo ni kweli. Nje ya mkunjo sharti hilo halipo, na jibu halina maana kwa jani hili.

Sasa tofautisho la pili, yaani y″. Ikiwa y′ inaeleza mkunjo unaelekea wapi, y″ inaeleza mwelekeo huo wenyewe unabadilikaje: tanjenti inazidi kupanda au inazidi kulala. Y″ ikiwa chanya, mkunjo unapinda kwenda juu na tanjenti inakaa chini yake. Ikiwa hasi, mkunjo unapinda kwenda chini na tanjenti inakaa juu yake.

Njia iliyonyooka ni kuitofautisha ile sehemu ya y′ kwa kanuni ya mgawanyo. Inafanya kazi, ila inazaa mlima wa vipande. Mimi napendelea kurudi kwenye mlinganyo kabla haujagawanywa:

x² + y²y′ = 2y + 2xy′

Tunautofautisha tena, kipande kwa kipande. X² inatoa 2x. Y²y′ ni zao la vitu viwili vinavyosogea vyote: y² inatoa 2yy′, ambayo inazidishwa na y′ iliyokuwapo, hivyo 2y(y′)², kisha y′ inatoa y″, hivyo y²y″. Upande wa kulia, 2y inatoa 2y′, na 2xy′ inatoa 2y′ jumlisha 2xy″. Kwa pamoja:

2x + 2y(y′)² + y²y″ = 4y′ + 2xy″

na baada ya kukusanya,

y″ = (4y′ − 2x − 2y(y′)²) / (y² − 2x)

Kwenye (3, 3) weka y′ = -1. Kiasi ni -4 − 6 − 6 = -16, asili ni 3, kwa hiyo y″ ni -16/3. Ni hasi: ncha ya jani inapinda kwenda chini, na mstari x + y = 6 unakaa juu yake, ukiligusa jani kwa nje. Na vile vipande tulivyoviweka kando mwanzoni vinasema vivyo hivyo. Vilikuwa 9h² + 9k² upande wa kushoto na 6hk upande wa kulia. Badala ya k = -h, andika k = -h + ch², ambapo c ni namba tusiyoijua bado. Katika vipande vya h², unapata 9c + 9 + 9 + 6 = 0, na c ni -8/3. Tofautisho la pili ni mara mbili ya c, yaani -16/3. Kipande cha kwanza kilichoachwa na tanjenti ndicho kinachobeba habari ya kupinda.

Kwenye (4/3, 8/3), ambako y′ ni 0.8, kiasi ni 3.2 − 2.6667 − 3.4133 = -2.88, na asili ni 40/9. Y″ ni -0.648, ambayo kamili ni -81/125. Upande huu wa jani nao unapinda kwenda chini, ila kwa upole zaidi kuliko ncha.

Namba kama -0.648 haina ulinganifu wa kuikagua, kwa hiyo inafaa kuipima kwa jani lenyewe. Sogea kutoka x = 4/3 hadi x = 1.4. Tanjenti inasema y ni 2.72 kamili. Y halisi ya jani, ukiitafuta kwa kikokotoo kwa kujaribu na kurekebisha, ni karibu 2.71857. Tanjenti imezidi kwa 0.00143. Y″ ilitabiri ziada ya kiasi gani? Nusu ya 0.648 zidisha mraba wa hatua, na hatua ilikuwa 1/15. Jibu ni 0.00144. Zinakubaliana vizuri, na tofauti ndogo iliyobaki ni ya vipande vya kipeo cha tatu. Kipimo hiki kinafichua pia kosa linalopenda kujificha kwenye hatua ya pili, lile la kuandika 2yy′ badala ya 2y(y′)². Mwenye kosa hilo anapata y″ ya -0.84, na utabiri wa 0.00187. Ishara ni ileile na ukubwa unakaribiana, kwa hiyo macho hayatamsaidia. Jani ndilo litakalomwambia hapana.

Linalonivutia zaidi katika hesabu hii yote linatokea unapoiondoa y′ kabisa kwenye y″, kwa kuweka (2y − x²) / (y² − 2x) mahali pake. Asili inakuwa (y² − 2x)³, na kiasi, baada ya kufungua mabano yote kwa subira, kinakusanyika hivi:

−2xy(x³ + y³ − 6xy + 8)

Tazama ndani ya mabano. X³ + y³ − 6xy ni mlinganyo wa jani, na juu ya jani ni sifuri. Inabaki 8 peke yake. Ule mlima wote wa vipande unaporomoka na kuacha:

y″ = −16xy / (y² − 2x)³

Kwa (3, 3) ni -144 gawanya kwa 27, yaani -16/3. Kwa (4/3, 8/3) ni -0.648. Wanafunzi wengi hufika kwenye kile kiasi kirefu na kukiacha kilivyo, bila kukumbuka kwamba mlinganyo wa mwanzo bado ni mali yao. Hata hivyo, urahisi huu una sharti lake. Irudie ile nukta ya (2, 3) isiyo kwenye jani: fomula ndefu inatoa -0.672, na fupi inatoa -0.768. Juu ya mkunjo haziwezi kutofautiana. Nje yake zinatofautiana, kwa sababu kurahisisha kwetu kulitumia ukweli ambao huko haupo.

Fomula fupi inatuwezesha kusoma umbo zima kwa ishara tu. Ndani ya jani xy ni chanya, kwa hiyo ishara ya y″ inategemea y² − 2x. Upande wa juu wa jani, y² ni kubwa kuliko 2x, na jani linapinda kwenda chini. Upande wa chini y² ni ndogo kuliko 2x, na jani linapinda kwenda juu. Mpaka kati ya pande hizo ni pale y² = 2x, ambapo y′ inataka kugawanywa kwa sifuri. Ukiiweka x = y²/2 ndani ya mlinganyo unapata y³ = 16, yaani nukta iliyo karibu na (3.17, 2.52). Hapo tanjenti imesimama wima. Mkunjo hauna hitilafu yoyote mahali hapo. Ni swali letu la y kwa kila hatua ya x lililokosa jibu, na ukiuliza x kwa kila hatua ya y utapata sifuri. Kwenye mbawa zote mbili xy ni hasi na y² − 2x ni chanya, kwa hiyo y″ ni chanya: zinapinda kwenda juu kote, huku zikiusogelea mstari x + y + 2 = 0 bila kuufikia.

Mbawa hizo Descartes mwenyewe hakuziona. Alilichora jani sawasawa katika robo ya kwanza, lakini alidhani linajirudia katika robo zote nne kama petali za ua, na Gilles de Roberval, aliyepewa naye tatizo la tanjenti, aliufananisha mkunjo na ua la asumini. Wakati huo ishara hasi za x na y bado hazikuwa zikishughulikiwa kwa uhakika. Kwetu inatosha kuuliza mlinganyo. Katika robo ya chini kushoto, x na y zote hasi, x³ + y³ ni hasi na 6xy ni chanya; haziwezi kulingana, kwa hiyo hakuna hata nukta moja ya mkunjo humo, sembuse petali.

Inabaki nukta moja ambayo njia yetu haiwezi kuijibu moja kwa moja: chimbuko. Weka (0, 0) katika y′ na unapata sifuri gawanya kwa sifuri. Ukikutana na hali hiyo katika utofautishaji fiche, usiandike kwamba mwinamo ni sifuri, wala usiandike kwamba haupo. Ina maana kwamba vipande vya h na k tulivyozoea kuvitegemea vimetoweka vyote, na uamuzi unashuka kwa vipande vinavyofuata. Karibu kabisa na chimbuko, x³ na y³ ni vidogo mno vikilinganishwa na 6xy, na mlinganyo unabaki kusema 6xy = 0: ama x ni sifuri, ama y ni sifuri. Matawi mawili yanapishana hapo, na tanjenti ni mbili, mhimili wa x na mhimili wa y wenyewe.

Kila tawi lina tofautisho lake la pili pia. Katika tawi linalolala juu ya mhimili wa x, y ni ndogo sana kuliko x, kwa hiyo y³ inaweza kuachwa na mlinganyo unakuwa karibu x³ = 6xy, yaani y = x²/6. Tofautisho la pili la hilo ni 1/3. Sasa chukua fomula fupi na ulifuate tawi hilohilo kuelekea chimbuko: xy inakaribia x³/6, y² − 2x inakaribia −2x, na kipeo chake cha tatu ni −8x³. Kugawanya −16x³/6 kwa −8x³ kunatoa 1/3.